Dada, mtoto siyo lugha

Dada, za siku. Meseji yako kuhusu shairi la Nuala Ní Dhomhnaill, yule mshairi anayeandika kwa Kiayalandi, lile "Ceist na Teangan", yaani suala la lugha, nimeisoma yote na naijibu hapa wazi maana najua wengi wanalisoma kama wewe. Unasema Musa ni lugha ya Kiayalandi na binti Farao ni Kiingereza, kinakuja kumwokoa kwa tafsiri. Hapo kwenye Musa mimi sikubaliani na wewe.

Hebu rudi mistari ya mwanzo. Hasemi anaiweka lugha mtoni, anasema anayaachia matumaini yake yaelee ndani ya kimashua cha lugha, kama ambavyo ungemlaza mtoto mchanga kwenye kikapu. Mtoto ni matumaini, lugha ndo chombo! Na hicho chombo anakishughulikia kweli: majani marefu ya majimaji yamesukwa yakashikana, kitako kimesuguliwa lami ili maji yasipenye, ndo kinalazwa kwenye matete kando ya mto. Muda mwingi wa shairi, ambalo ni sentensi moja tu, unakwenda kwenye hicho chombo, kukisuka, kukiziba na kukilaza.

Sasa ukisoma hivyo mwisho unabadilika. Shairi linaishia kwenye swali, mkondo utampeleka wapi na je, binti Farao ataokoa, likakatika hapo hapo. Sisi wa madrasa tumezoea mke wa Firauni, mshairi kafuata Biblia, lakini nyumba ni ile ile iliyoamuru watoto wauawe, yaani msaada unangojewa kwa aliyeleta hatari. Na kwenye kisa mtoto akishatolewa majini kikapu hakitajwi tena. Mimi hilo ndo linaloniuma. Tafsiri ya Kiingereza ya mshairi Paul Muldoon imebeba matumaini mpaka kwetu, mimi na wewe tumeyapokea, ila Kiayalandi chenyewe hatukijui hata sasa.

Kule wanaokijua siyo wachache. Sensa ya 2022 ya Ayalandi, watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wanaweza kukiongea, ila wanaokiongea kila siku nje ya masomo ni kama 72,000 tu.

Simlaumu mshairi kukubali kutafsiriwa, kitabu chake cha 1990 kilichobeba jina la binti Farao kina Kiayalandi ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao, kwa hiyo kikapu kipo pale unakiona hata kama huwezi kukisoma. Ndo maana nakuomba, hayo mashairi yako ya Kipare uliyotaka kuyatoa kwa Kiswahili peke yake usiyatoe hivyo. Weka Kipare kwanza, Kiswahili pembeni, na uyasome kwa sauti urekodi, maana shangazi zetu wengi Kipare wanakiongea vizuri sana ila hawajawahi kukisoma kwenye karatasi. Nitumie hata moja wiki hii.