Profesa Gurnah, naomba unisaidie kumuelewa Yusuf

Assalaam alaykum Profesa, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa fomu faivu, msichana, nipo Unguja. Riwaya yako ya Peponi nimeisoma mara mbili, ile ya Kiswahili aloitafsiri Ida Hadjivayanis, mara ya kwanza niliimaliza kwa siku nne, mara ya pili nikaenda polepole na penseli mkononi. Sasa nna tatizo na ukurasa wa mwisho na nadhani ni wewe tu unaweza kunisaidia.

Skuli tuna kikundi cha kusoma, na wiki ijayo zamu yangu kusimama mbele nieleze kwa nini Yusuf, baada ya yote, anakimbia kuwafata askari wa Mjerumani. Wenzangu wengi washaamua kwamba ni mwoga, na mwalimu anasema hakuchagua kitu pale, eti mtoto alowekwa rehani tangu ana miaka 12 kwa deni la baba yake hajui hata kuchagua kunakuaje. Mimi sikubaliani na wote wawili ila nikianza kueleza nakwama.

Nasema alichagua kwa sababu wale askari walikuja kukamata watu kwa nguvu, yeye alikuwa kajificha na hawakumpata, walikuwa washaondoka zao!! Angebaki tu pale alipo angekuwa salama. Na tajiri Aziz, yule alomchukua rehani, hakumfukuza, hata ile kesi ya Bibi, mke wa tajiri, alomsingizia Yusuf kwamba kamvamia, na shati lililochanika kwa nyuma (hapo nilishtuka, nikaikumbuka sura ya Yusuf kwenye Qur'an) tajiri aliimaliza kwa upole, hakumpiga wala kumtukana. Yani mimi ule upole ndo ulonitisha zaidi, kwa sababu mtu akikupiga unajua umeonewa, lakini akikusamehe kosa ambalo hujalifanya halafu akakuambia uendelee na kazi, unaanzia wapi kumdai uhuru wako?

Na hapo ndo namkumbuka mzee Hamdani wa bustanini. Bibi alitaka kumpa uhuru akakataa, akauliza nani kamwambia kwamba uhuru ni wake yeye wa kugawa. Yusuf aliyasikia yale maneno. Kwa hiyo swali langu la kwanza, ulipomkimbiza Yusuf ulikuwa unafikiria jibu la mzee Hamdani? Kwa sababu mimi naona mzee alikataa kupewa akabaki palepale na maji yake na miti yake, na Yusuf naye akakataa kupewa lakini akaenda kuuchukua mahali pabaya kuliko pote. Mwalimu wetu wa historia anasema kwenye ile Vita Kuu ya Kwanza wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa njaa na maradhi na mizigo. Sasa Yusuf alijua anakimbilia bunduki au mzigo? Au hakufikiria, alitaka tu kutoka? Kuna mtu kaniambia kwenye kitabu chako cha 2020 yupo Hamza alojiunga na askari vilevile na akajutia, bado sijakipata, ila nikasema kumbe na wewe hilo swali halijakuacha.

Swali la pili ndo linaloniuma. Amina, yule mke mdogo wa tajiri. Alimwambia Yusuf kwamba nyumba ile ni jahanamu, na Yusuf akamuomba waondoke wote. Halafu siku ya kuondoka anakimbia peke yake, hata kwaheri hakuna. Kikundini hakuna alomtaja Amina hata mmoja, wote wanajadili ushujaa. Mimi namtaja kwa sababu kaka yangu alikuwa anafanya kazi dukani kwa mtu, analala hukohuko, mshahara anaambiwa utakuja, na siku moja akaondoka na watu wa kwenda Maskati bila kutuaga, simu ya kwanza ilikuja baada ya miezi mitatu. Mama anasema angeaga tungemzuia, na ni kweli tungemzuia. Kwa hiyo namuelewa anayekimbia, lakini mimi ni yule alobaki ndani. Yusuf alipogeuka akatazama haraka nyuma kabla hajaanza kukimbia, alikuwa anamtafuta Amina au anaangalia kama kuna mtu anamuona? Macho yalikuwa yanamuwasha, umeandika, ila hukusema kwa nini, na mimi nimerudia hapo labda mara ishirini.

Kama hutaki kusema kwa sababu wasomaji waamue wenyewe nitaelewa, ila basi nishauri hili moja, nikisimama mbele ya wenzangu naruhusiwa kusema Yusuf alichagua na pia alimkosea Amina, yote mawili kwa pamoja, au nitakuwa nakilazimisha kitabu kiseme mambo ya kwetu nyumbani? Zamu yangu ni Alhamisi, lakini hata ukijibu baada ya hapo nitasoma.

Wako mwanafunzi,
Unguja