Pampu iliungua mara mbili mwaka mmoja, tukaanza kupanga kalenda ya matengenezo upya

Mwenye jengo alitupigia akasema pampu yake imeungua tena, ya pili ndani ya mwaka, na mota ilikuwa imeshasukwa upya mara moja. Ni ghorofa nne, fleti kumi na mbili, pampu inavuta maji kutoka tanki la chini na kuyasukuma moja kwa moja hadi kwenye mabomba ya wapangaji, na pembeni yake kuna lile tanki dogo la presha. Kila mara fundi alikuwa anatengeneza pampu tu na kuondoka.

Tulipofunga pampu nyingine tukakaa nayo dakika kumi tukiisikiliza, mpangaji mmoja akiwa amefungua bomba la jikoni. Ilikuwa inawaka na kuzima kila baada ya sekunde 20 hivi, yaani kama mara 180 kwa saa, wakati kibandiko chake kinaruhusu mara 30 tu. Kila inapowaka mota inavuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika mwendo, kwa hiyo joto linajaa kabla halijapata nafasi ya kutoka. Tukafungua boksi la umeme tukakuta kontakta, ile swichi inayowasha mota, imekuwa nyeusi na waya mmoja umelegea. Hapo unaona tatizo moja la maji limeshahamia kwenye umeme.

Chanzo kilikuwa upepo kupungua kwenye tanki la presha. Kuna mpira ndani unaotenganisha maji na upepo, upepo ukiisha tanki linajaa maji matupu na pampu haina kitu cha kuipumzisha. Kuangalia ni rahisi: zima umeme, fungua bomba mpaka geji isome sifuri, halafu pima kwenye valvu ya juu kwa kile kipimo cha upepo wa tairi. Kama pampu inawaka presha ikishuka hadi ba 2, upepo unatakiwa uwe karibu ba 1.8. Sisi tulisoma ba 0.4. Ukibonyeza valvu yakatoka maji, basi mpira umepasuka na kujaza upepo hakusaidii. Kazi hii haimalizi nusu saa, na ndiyo ingeokoa mota mbili.

Kwa kuwa tatizo la sehemu moja linahamia nyingine, kalenda za matengenezo tunazowapangia wateja hatuzianzi na Januari, tunaanza na mvua tunarudi nyuma. Wiki nane kabla ya mvua tunashughulika na tanki, maana kulifikia la juu lazima mafundi wapite juu ya paa na wanaweza kupasua au kusogeza kitu, sasa ukitengeneza paa kwanza halafu ukaleta watu wa tanki umefanya kazi mara mbili. Tanki linamwagwa, matope ya chini yanatolewa, kuta zinasuguliwa, kisha linajazwa maji yenye dawa ya klorini: ukitumia ile ya maji ya asilimia 5, ni lita 1 kwa kila lita 1,000, yakae saa 4 halafu yamwagwe yote, hayaendi kwa wapangaji. Wapangaji waambiwe siku tatu kabla, jamani, siyo asubuhi ile ile.

Wiki nne kabla ya mvua ndiyo paa: mifereji, matundu ya kutolea maji, mabati yaliyolegea, na pale bomba linapotoboa slabu, kwa sababu uvujaji mwingi tunaoukuta uko kwenye maungio kama hayo kuliko katikati ya paa. Mimina ndoo kadhaa za maji kwenye kila tundu uone yanatoka wapi.

Umeme watu wengi wanapenda kuupima kiangazi, sisi tunaupima mvua ikiwa inaelekea mwisho. Waya wenye ngozi iliyochoka unaweza kupima vizuri kabisa ukiwa mkavu, unyevu ukiingia ukutani ndipo kipimo kinashuka. Fundi umeme anazima, anachomoa vifaa, anapima kila laini kwa volti 500, na laini iliyo chini ya megaomu 1 haiwashwi mpaka ijulikane kwa nini. Skrubu za boksi kuu na za pampu zinakazwa siku hiyo hiyo. Kile kitufe cha kupimia breka ya kukata umeme unaovuja, mlinzi au msimamizi anaweza kukibonyeza mwenyewe kila miezi mitatu, isipokata aite fundi.

Pampu haina msimu, ni kila miezi mitatu. Kwenye lile jengo tumebandika karatasi ndani ya mlango wa chumba cha pampu, inaandikwa tarehe, upepo wa tanki, na sekunde kati ya kuwaka na kuwaka bomba moja likiwa wazi. Baada ya kubadilisha mpira ilisoma ba 1.8, miezi mitatu baadaye 1.8, sasa hivi 1.7, tumeongeza upepo kidogo na tutarudi kupima baada ya mwezi mmoja badala ya mitatu.