Gharama ya alizeti: nani abebe zaidi, mafuta au mashudu?

Ndugu wahasibu wenzangu,

Naomba ushauri kuhusu hesabu za kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Kilo 1,000 za mbegu zinagharimu Sh 1,000,000, na umeme na vibarua wa kukamua Sh 92,000. Mashine inatoa kilo 320 za mafuta ghafi na kilo 640 za mashudu. Kilo 40 zinapotea kwa unyevu na takataka. Bidhaa mbili zinaachana pale pale mdomoni mwa mashine, na hizo Sh 1,092,000 ndizo tunazogombania.

Mwenye mali anataka tugawe kwa uzito. Mafuta yanabeba theluthi moja, Sh 364,000, na mashudu Sh 728,000. Kwenye karatasi, mashudu yanakula hasara: yanauzwa Sh 600 kwa kilo, yaani Sh 384,000, na magunia yanachukua Sh 24,000. Hasara ni Sh 368,000, na tayari ameanza kusema tuache kuuza mashudu! Ila tukiyaacha, gharama ya mbegu haipungui hata senti. Tunachopoteza ni Sh 360,000 za mauzo baada ya kutoa magunia. Halafu kuna yule anayeandika mafuta kwa lita. Kilo 320 ni kama lita 348, na ukizichanganya na kilo za mashudu mgawo wote unapinda.

Mimi napendelea thamani halisi ya kuuzia: bei ya mwisho ukitoa gharama za baada ya mashine. Mafuta yanauzwa Sh 4,500 kwa kilo, jumla Sh 1,440,000. Kuchuja na chupa ni Sh 240,000, inabaki Sh 1,200,000. Ukiongeza Sh 360,000 za mashudu unapata Sh 1,560,000. Basi mafuta yanabeba Sh 840,000 na mashudu Sh 252,000. Faida ya jumla ni ile ile Sh 468,000 kwa njia zote mbili. Kinachobadilika ni thamani ya mzigo unaobaki ghalani. Kwa uzito, kilo ya mashudu inaandikwa zaidi ya Sh 1,137 wakati sokoni ni Sh 600, na IAS 2 inatulazimu kuishusha.

Sasa kinachonisumbua. Bei ya mashudu ikishuka hadi Sh 400, thamani yake inabaki Sh 232,000, na mafuta yanabebeshwa kama Sh 915,000. Gharama ya mafuta imepanda Sh 75,000 bila mashine kubadilika chochote, na mwenye mali anauliza nani kaharibu.

Je, mnatumia bei ya wastani ya msimu mzima, au mnabadilisha kila mwezi? Na mashudu yenye karibu robo ya thamani yote, mnayahesabu kama bidhaa kamili, au kama mabaki ambayo pesa yake inapunguzwa tu kwenye gharama ya mafuta?

Mhasibu wa kiwanda, Singida