Mwanangu, namba ya zamu ilikuwa imekufa

Mwanangu,

Umeniambia kazini wamekukabidhi mfumo unaotuma meseji za dharura kwa madaktari wa zamu, nimefurahi sana, ila kuna usiku mmoja wa wodini sijawahi kukuhadithia vizuri na sasa unakuhusu.

Nilikuwa na mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana. Saa 7 usiku presha yake 122/78, mapigo 84, tumeongea vizuri tu. Saa 8 presha 114/80, mapigo 108. Hapo mtu asiyejua anaona presha iko sawa anaendelea na mengine, lakini anayevuja damu ndani mapigo yake yanapanda kwanza, moyo unakimbia kufidia, presha inakuja kushuka baadaye. Nikaangalia mrija wa tumboni, damu kidogo tu kwenye chupa, na hilo halikunituliza maana damu ikiganda inaziba mrija na inabaki ndani. Mikono yake ilikuwa ya baridi, akawa anasema ana kiu na hana raha.

Nikabonyeza ujumbe wa dharura kwenye kompyuta. Skrini ikaandika Sent, baadaye Delivered. Basi mimi nikajua daktari yuko njiani. Nikamwekea oksijeni, nikafungua dripu, nikachukua damu ya kupima grupu ili maabara waandae, nikapima tena, presha 94/60, mapigo 126. Hakuna mtu. Nikatuma tena, Delivered. Nikapiga namba iliyobandikwa ukutani, inaita mpaka inakata. Nikapiga mapokezi waniunganishe, wakanipigia namba ile ile.

Nikamwambia mhudumu kimbia chumba cha upasuaji cha wazazi, mkamate daktari yeyote utakayemkuta, mwambie mgonjwa anavuja damu ndani. Alikuja daktari ambaye hata hakuwa wa wodi yetu, akamshika tumbo, akasema huyu anarudi kwenye meza sasa hivi. Alirudishwa, mshipa ulikuwa umeachia, akapona. Lakini zile dakika tulizopoteza tukisubiri zingeweza kumuua kabisa.

Asubuhi ndio tukajua. Idara ilikuwa imebadilisha laini ya simu ya zamu, ile ya zamani ikaachwa bila kutumika mpaka kampuni ya simu ikamuuzia mtu mwingine. Kwa hiyo meseji zilikuwa zinafika kweli, ila kwa mtu baki aliyelala kwake, na simu akiwa ameitoa sauti. Namba mpya madaktari walikuwa nayo wenyewe kwa wenyewe, kwenye mfumo hakuna aliyeibadilisha. Karatasi ya ukutani ilikuwa imechapishwa kutoka kwenye mfumo huo huo, na mapokezi nao walikuwa wanasoma humo humo, yaani tulidhani tuna njia tatu kumbe ni moja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wenzangu wa usiku mwingine nao walishatuma wakakosa jibu, wakasema daktari atakuwa na mgonjwa mwingine, wakajipanga wenyewe mpaka kukakucha. Mchana madaktari wamo wodini unawaita kwa sauti, namba haimsumbui mtu. Ikifa inakufa kimya kimya, na ukimya wake unafanana kabisa na ukimya wa daktari mwenye kazi nyingi, huwezi kuvitofautisha ukiwa peke yako na mgonjwa.

Kwa hiyo mwanangu kwenye huo mfumo wako neno Delivered lisimtulize nesi yeyote, hiyo inasema simu imepokea tu. Weka sehemu ambayo daktari anabonyeza kwamba ameona na anakuja, na jina lake litokee kwa nesi. Dakika 5 zikipita hajabonyeza, ujumbe uende kwa mtu wa pili wenyewe, na nesi aone kwenye skrini kwamba wa kwanza hajajibu ili aanze kutafuta njia nyingine. Halafu kila zamu inapoanza, kabla wa mchana hawajaondoka, mfumo utume ujumbe wa majaribio na daktari wa usiku aujibu. Jaribio hilo lingekuwepo kwetu siku laini ilipobadilishwa ingejulikana jioni ile ile. Lakini jaribio la jioni haliwezi kukwambia kama saa 9 usiku simu itakuwa na chaji, ndio maana zile dakika 5 usiziondoe hata wakikwambia zinasumbua, na watakwambia.

Na hiyo namba ya mtu wa pili usiitoe kwenye orodha ile ile, nenda ukaipige mwenyewe usikie nani anapokea. Wiki hii kama unaweza, kabla ya mengine yote.

Mama yako