Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanamemba wa AVEC yetu ya akiba na mikopo, Kadutu, Bukavu

Mama na baba wanamemba,

Mwaka huu tulinunua hisa 3,000 za dola 2, yaani akiba ya dola 6,000. Kitabu kinaonyesha tena faida ya mikopo dola 1,140 na faini dola 60. Jumla ni 7,200. Mfuko wa solidarite una kitabu chake, haumo humu.

Siku tulipofungua kisanduku, wenye funguo wote watatu wakiwepo, tuligeuza noti moja moja, maana sokoni dola iliyopasuka hata kidogo inakataliwa. Tulihesabu mara mbili: dola 6,810. Nje ulikuwa umebaki mkopo mmoja wa dola 300. Ukijumlisha unapata 7,110. Dola 90 hazikuonekana.

Macho yetu yote yalimwendea mwekahazina, yangu pia. Mama huyo alirudi nyumbani analia, na hakuwa amegusa kitu. Namwomba msamaha mbele yenu wote.

Tulilinganisha kitabu na karne, vile vijitabu vya wanamemba, mstari kwa mstari. Katika ule mkopo wa dola 300, faida ni asilimia 5 kwa mwezi, yaani dola 15. Kitabu kiliandika "15, imepokelewa" miezi sita mfululizo. Lakini karne ya mkopaji haikuwa na sahihi ya malipo hata moja. Alikuwa anaomba kuongezewa muda, tunamkubalia, na katibu anaandika faida kana kwamba imeingia. Sita mara 15 ni 90. Pesa haikuibiwa; ilikuwa haijaja bado. Ilikuwa deni, nasi tuliiandika upande wa mapato.

Sasa tumeisahihisha. Deni lake ni dola 390. Ukiliongeza kwenye 6,810 za kisanduku, unarudi kwenye 7,200, na kila hisa inapata dola 2.40. Mkopaji ana hisa 220, sawa na dola 528. Tunakata 390, anabaki na 138. Hisa 2,780 za wengine zinachukua dola 6,672. Jumlisha hizo mbili: 6,810, ile ile iliyo ndani ya kisanduku. Mwenye hisa 150 aliyeweka dola 300 ataondoka na 360.

Tuliponea hapo kwa sababu hisa zake zilizidi deni. Angekuwa na hisa 100, zingekuwa dola 240 tu, na dola 150 zilizobaki zingekuwa bado mikononi mwake siku ya mgawo. Kwa hiyo komite inapendekeza mambo mawili: faida iandikwe tu pesa ikishawekwa mezani na karne ikasainiwa; na kisanduku kihesabiwe pamoja na mikopo kila mwisho wa mwezi, tusingoje mwaka uishe.

Siku ya mgawo kila mtu aje na karne yake. Aliyeipoteza amwone katibu kabla ya siku hiyo.