Kabla Hujasema Gesi Yetu Ni Hafifu, Itazame Jeti

Mwezi uliopita mteja wetu wa upande wa Njoro alitundika ujumbe kwenye kikundi cha wafugaji. Aliandika kwamba bayogesi tuliyomwekea haina nguvu, kwamba sufuria zimekuwa nyeusi kama za kuni, na kwamba gesi huisha kabla chakula cha jioni hakijaiva. Akamalizia: "Hawa wamenila pesa." Watu kumi na kitu wakaweka alama ya kukubaliana naye. Mimi niliyemjengea nikausoma ujumbe huo nikiwa juu ya ngazi kule Bahati, nikifunga paipu ya mtu mwingine.

Sikumjibu kikundini. Kesho yake nilipanda pikipiki nikiwa na mfuko wangu wa vipimo. Naandika niliyoyakuta kwa sababu lalamiko hili ni la nne mwaka huu, na mara zote nne chanzo kimekuwa kilekile.

Mzee huyo ana ng'ombe watatu wa kufungiwa na mtambo wa kuba wa mita 8 za ujazo. Kila asubuhi humimina kilo 45 za kinyesi na maji kiasi hichohicho. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi, kwa hiyo mtambo wake unampa lita 1,800 hivi kwa siku. Jiko la kawaida la familia hula lita 400 kwa saa. Ukigawanya, anapaswa kupika zaidi ya saa nne. Yeye alikuwa anapata mbili, na kwa shida.

Nilianza na gesi yenyewe, maana ndiyo iliyotuhumiwa. Nina sirinji kubwa ya mililita 60. Nikaacha paipu ipumue kidogo nje ya jikoni, nikavuta mililita 20 za gesi, kisha nikavuta mililita 20 za maji ya kostiki soda, nikaziba mdomo na kutikisa dakika moja. Kostiki soda hula kaboni dioksidi na kuiacha methani. (Vaa glavu na miwani, maji hayo huchoma ngozi na macho.) Gesi iliyobaki ilisoma mililita 12 na nusu, yaani methani karibu asilimia 62. Bayogesi nzuri ya samadi huwa kati ya 55 na 65. Ikishuka chini ya 50 ndipo moto huanza kugoma kuwaka, na hapo ningekubali kwamba kuna tatizo shimoni. Nilimwonyesha Mzee sirinji, akaitazama, kisha akasema, "Sawa fundi, lakini sufuria ni nyeusi."

Ikawa zamu ya jiko. Nilipofika jikoni sikuiona bana yetu, lile jiko la bayogesi tulilomwekea. Palikuwa na meko ya sahani mbili, ya gesi ya mtungi, iliyotoka kwa shemeji yake. Bana yetu ilikuwa stoo, imefungwa kwenye gunia, kwa sababu "ni moja, na hii ni mbili, tena inang'aa."

Hapa lazima nieleze kidogo. Ukilinganisha ujazo kwa ujazo, gesi ya mtungi ina joto mara nne na nusu hivi kuliko bayogesi. Tena husukumwa na regulata kwa presha kubwa, wakati jikoni kwa Mzee presha ni kama sentimita 10 za maji. Ndiyo maana jeti ya meko, kile kipande kinachopuliza gesi ndani ya jiko, ina tundu dogo sana, kwenye hii ilikuwa milimita 0.8. Ukiunganisha bayogesi hapo, unapata kamoto ka mshumaa. Ili joto lilingane, tundu linatakiwa kuwa kama milimita 2, na hicho ndicho kipimo cha jeti ya bana yetu.

Mzee aliona hako ka mshumaa akampelekea fundi wa jirani, akalipa shilingi 200, jeti ikatobolewa. Nilipoichomoa na kuipima kwa kijiti cha kuchimbia tundu, ilikuwa milimita 3. Mtu atasema milimita moja ni nini. Lakini gesi hupita kwa kadiri ya eneo la tundu, na tundu la 3 lina eneo mara mbili na robo ya tundu la 2. Kwa presha ileile jiko likawa linakunywa lita 900 kwa saa badala ya 400. Gawanya tena zile lita 1,800, utapata saa mbili kamili. Hapo ndipo gesi yake ya jioni ilipokuwa ikienda.

Na weusi? Moto wa bayogesi hutembea polepole kuliko wa gesi ya mtungi. Ukiisukuma gesi nyingi kwenye kichwa cha meko chenye vitundu vidogo, moto huruka juu ya vitundu, hunguruma kisha huzimika. Jikoni walipoona unaruka, walifanya linalofanywa na kila mtu: wakaziba njia ya hewa kwa karatasi ya foili. Moto ukatulia kweli, lakini ukawa wa manjano na mrefu, ukilamba sufuria hadi masikioni. Lita moja ya bayogesi inahitaji kama lita 6 za hewa ili iungue yote. Ikinyimwa, kinachobaki ni masizi, na pamoja na masizi hutoka kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huumiza kichwa. Mama wa boma aliniambia kichwa kilikuwa kikimgonga kila akimaliza kusonga ugali. Alidhani ni presha ya damu.

Nilirudisha bana yetu. Kuirekebisha si kazi ya mashine: funga pete ya hewa, washa kiberiti kwanza kisha ndipo ufungue valvu, halafu ufungue pete taratibu huku ukitazama. Moto utatoka manjano uende bluu. Ukiona unaanza kuinuka kwenye vitundu, rudisha pete nyuma kidogo. Ukiwa bluu, umekaa chini na unavuma kwa sauti ndogo, acha hapo. Jambo moja wateja wa kuba husahau: asubuhi kuba likiwa limejaa, presha huwa mara kadhaa ya ile ya jioni. Kwa hiyo asubuhi valvu ifunguliwe robo tu. Ukiifungua yote, moto utaruka hata kwenye bana nzuri, na utanipigia simu bure.

Ningekuwa nimeondoka saa hiyo, lakini nilikuwa nimeona kichujio hakipo. Tulikuwa tumeweka mkebe wenye chembe za chuma chenye kutu, karibu na ukuta wa jikoni. Ulikuwa umeondolewa, na mahali pake pameunganishwa hosi ya maji ya bustani kwa waya. Sababu ni kwamba "kilikuwa kinapunguza presha." Ni kweli kilikuwa kinapunguza, kwa sababu chembe zilikuwa zimejaa. Kutu nyekundu hukamata haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, na kadiri inavyokamata ndivyo inavyogeuka nyeusi. Ikishakuwa nyeusi unaimwaga nje kwenye bati, unaitandaza nyembamba ikiwa na unyevu, hewa inairudishia wekundu, unaitumia tena mara chache kabla ya kununua nyingine. Hupata moto inapofanya hivyo, kwa hiyo isiwekwe karibu na majani makavu wala ndani ya nyumba. Na usijaribu kuweka waya wa kusugulia sufuria usioshika kutu. Pasipo kutu hakuna kinachokamatwa.

Nikauliza kuhusu harufu. Mama akasema, "Ilinuka sana wiki ya kwanza, ikaisha yenyewe." Hapo nywele zilinisimama. Haidrojeni salfaidi pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, lakini pua huizoea. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni hulewesha kabisa mshipa wa kunusa, na mtu hudhani gesi imeondoka. Ikipita 500 mtu huanguka ndani ya dakika chache. Jikoni kwa Mzee haikuwa imefika huko, dirisha lake halina kioo, nashukuru. Ila mimi niliyetoka nje niliinusa mara tu nilipoingia, na wao wanaoishi humo hawakuinusa.

Nilichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikombe, nikapaka kwa brashi kila kiungo kuanzia mtamboni. Kiunganishi cha kwanza kimya, cha pili kimya. Pale kwenye hosi na waya povu lilifura likawa kubwa kama yai, likapasuka, likafura tena. Hosi ya bustani haikutengenezwa kwa gesi, na jua la Njoro lilikuwa limeipasua upande wa chini ambapo hakuna anayetazama. Mzee alikuwa tayari ameshika kiberiti ili "tuone vizuri." Nilimnyang'anya, samahani kwa neno hilo, na yeye ni wa umri wa baba yangu. Methani ikifika asilimia 5 ya hewa ya chumba inalipuka. Uvujaji hutafutwa kwa povu tu.

Nilibadilisha kipande hicho kwa paipu ya chuma, nikarudisha mkebe ukiwa na chembe mpya, nikafunga valvu ya mtamboni na ya jikoni usiku na kuacha kipimo cha maji cha umbo la U kikiwa kimeunganishwa. Asubuhi hakikuwa kimeshuka.

Sasa bei, maana najua ndiyo mnayosubiri. Safari yangu ni shilingi 1,500, na chembe, paipu na viungio vikafika 2,900. Jumla 4,400. Kuna walioandika kwamba tunatoza ghali kwa kupaka povu la sabuni. Povu ni la bure, paka mwenyewe kila mwezi, sitakudai. Unanilipa kujua kiungo kipi kitavuja mwakani na kutotumia hosi ya bustani. Katika miezi mitatu aliyotumia meko ya shemeji, Mzee alikuwa amejaza mtungi wa kilo 6 mara mbili, akanunua sufuria mbili, na gesi nyingi, "ndama mmoja" kama anavyoiita, ilikuwa ikipotelea hewani kila siku. Hesabu ya 200 za kutoboa jeti mfanye wenyewe.

Jambo la mwisho ni kuhusu kutapisha tope, kwa sababu mtoto wake mkubwa aliniuliza kama anaweza kushuka kwenye tangi la kutokea na ndoo. Hapana. Hata likionekana tupu, hata kwa dakika moja. Koroga kwa mti mrefu ukiwa juu. Tope likikorogwa huachia ile gesi ya mayai viza kwa mpigo, na hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye shimo. Anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake.

Mzee bado hajafuta ujumbe wake kikundini. Ila Jumanne alinitumia jirani yake, ambaye naye ana meko ya sahani mbili, na jeti ametoboa mwenyewe kwa msumari.