Nirudishie Peponi, na unisomee mpango wangu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na za nyumbani pia, hawajambo wote. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Tatu, na najua utasema naandika kwa sababu nina shida. Ni kweli, nina shida. Shida yenyewe ni kitabu changu, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kile ulichokiazima kwa "wiki moja tu". Wiki hiyo sasa imeota ndevu.

Nakihitaji kwa ajili ya insha. Tumepewa swali moja: chagua riwaya ya makuzi, onyesha jinsi ufahamu wa mhusika mkuu kijana unavyobadilika, na ulete mpango kwanza kabla ya insha yenyewe. Bila kusita nikachagua Peponi, maana niliipenda, na nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Mpango umerudishwa mara mbili. Mara ya pili mwalimu ameandika pembeni maneno mawili tu: "Unasimulia tu." Nilimkasirikia siku nzima. Jioni nikausoma tena mpango wangu nikaona, ee Mola, ni kweli.

Nikuonyeshe ulivyokuwa. Aya ya kwanza, Yusuf, kijana mwenyewe, yuko mji wa Kawa kwa wazazi wake. Ya pili, yuko dukani pwani na Khalil, kijana mwenzake wa kazi. Ya tatu, kwa mfanyabiashara Hamid Suleiman. Ya nne, safari ya bara na yale ya mtawala Chatu. Ya tano, bustani na Amina. Ya sita, askari wa Kijerumani na mwisho. Umeona kosa? Kila aya ni mahali. Nimemfuata kijana kwa miguu yake, si kwa kichwa chake. Mtu akisoma atajua Yusuf amefika wapi, hatajua ameelewa nini. Ubaya ni kwamba riwaya yenyewe inakuvuta uandike hivyo, kwa kuwa ina safari ndani yake, na safari ina vituo tayari.

Sasa nimejaribu njia nyingine. Nimechukua karatasi nikajiuliza: ni jambo gani analiamini mwanzoni, ambalo mwisho hawezi tena kuliamini? Jibu lililonijia ni dogo mno, nikaogopa. Anaamini kwamba Aziz, yule tajiri mfanyabiashara, ni ami yake. (Nasema "ami" kwa mazoea yangu, Gurnah aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994, na neno lao moja linabeba ami na mjomba pamoja. Wewe unayo tafsiri ya Ida Hadjivayanis mkononi, utaona yeye kafanyaje.)

Kumbuka ile sarafu. Kila Aziz akija Kawa, akiondoka anampa mtoto sarafu ya ana kumi. Kwa Yusuf mtu huyo ni furaha tupu: harufu nzuri, mavazi mazuri, pesa mkononi. Ana miaka 12 anapochukuliwa, na anaambiwa tu kwamba atasafiri na ami yake. Hapo kuna jambo nililipita mara ya kwanza. Msimulizi si Yusuf. Ni nafsi ya tatu inayokaa karibu sana na mtoto, lakini mara moja moja inajitenga kidogo. Inatuambia kwamba haikumpitia kabisa akilini kuwa huenda akakaa mbali na wazazi wake muda mrefu. Ni nani anayejua hivyo? Si mtoto. Basi katika sentensi hiyo moja tunapewa yale anayoyajua Yusuf na yale asiyoyajua kwa wakati mmoja, na huo ndio ushahidi ninaoutaka: si tukio, bali ule mwanya baina ya anayesimulia na anayeishi. Mpangoni nimeuandika kwa wino mwekundu.

Halafu sikiliza hili, ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Yusuf hachelewi kuambiwa ukweli! Anaambiwa mapema, siku za mwanzo dukani. Khalil anamwambia waziwazi kwamba yule si ami yake, amwite Seyyid, na kwamba yupo pale kwa sababu baba yake ana deni. Yeye ni rehani, kama Khalil mwenyewe. Kama ufahamu ungekuwa ni kupata habari, riwaya ingekuwa imeisha hapo. Lakini ina kurasa zote zile zilizobaki. Zinafanya nini?

Nikakaa na swali hilo siku mbili, chai ikipoa mbele yangu. Hoja yangu kuu sasa ni hii, na nataka uipige mawe kama ina ufa: habari Yusuf anaipata mwanzoni kabisa, kinachochukua kitabu kizima ni habari hiyo kumfika. Neno "rehani" linaanza kama kitu alichoambiwa na mtu mwingine, baadaye linakuwa kitu anachokiona kwa watu wengine, na mwisho linakuwa yeye mwenyewe. Ni neno moja kwa umbali wa aina tatu. Sina haja ya vituo sita.

Hatua ya kati ndiyo iliyonipa kazi, maana hapo nilikuwa nimejaza safari yote ya bara. Nimeikata karibu yote. Iliniuma, kwa sababu Chatu na yule mnyapara Mohammed Abdalla ni watu wa kusisimua kuwasoma. Lakini nilijiuliza: baada ya Chatu kuwapora, na Mzungu kuja kumlazimisha arudishe mali, Yusuf anaelewa nini kipya kuhusu rehani? Anaona kwamba hata Seyyid ana mwenye nguvu juu yake. Hilo ni sentensi mbili, si aya mbili. Nimeliweka kama daraja nikapita.

Uzito nimeuhamishia bustanini, baada ya safari. Pale wako watu watatu ambao kila mmoja anamwonyesha rehani kwa sura yake. Amina, dada wa kulelewa wa Khalil, ameolewa na Seyyid kwa sababu ya deni. Khalil deni lake limekwisha kwa ndoa hiyo, mlango uko wazi, lakini haondoki kwa ajili ya Amina. Na Mzee Hamdani! Huyu mzee wa kumwagilia maua, ambaye karibu kitabu kizima hasemi kitu, nilimwacha kabisa kwenye mpango wa kwanza. Bibi, mke mkubwa wa Seyyid, alimpa uhuru akaukataa. Yusuf anamwona mzee aliyezoea utumwa, labda mjinga kidogo, na sisi wasomaji tunamwona hivyo pamoja naye. Kumbe hoja ya mzee ni kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi hata aweze kuutoa zawadi. Hapo Yusuf anapata jambo asiloweza kulipanga vizuri kichwani: Khalil anaweza kuondoka na hayuko huru, Hamdani amebaki utumwani na anajihesabu huru. Mimi pia siwezi kulipanga vizuri. Nimeandika tu mpangoni: "usitatue; onyesha kwamba anachanganyikiwa." Kukua kwa akili si lazima kuwe ni kuelewa zaidi kila siku. Wakati mwingine ni kupoteza jibu ulilokuwa nalo.

Bustani yenyewe naitumia kama kipimo. Mwanzo anaichungulia, ina maji katikati na mifereji inayokwenda pande nne, na kwake ni pepo kweli. Baadaye bustani ileile ina mikono ya Hamdani ndani yake, ina kuta, ina Amina. Haijabadilika hata jani. Ndiyo maana inanifaa: kitu kikibaki vilevile na macho yakabadilika, huhitaji kumwambia mwalimu "amekua", anajionea. Bakari alinishauri nitafute dondoo nyingi. Mimi naona nitafute chache zilizo mbilimbili, kitu kimoja kikitazamwa mara mbili.

Sasa njoo kwenye mwisho, maana huko ndiko mpango wangu wa kwanza ulikovunjika kabisa. Niliandika: "Mwishowe Yusuf anajitambua na kujikomboa." Astaghfirullah. Askari wanapita wakikusanya watu kwa nguvu kwa ajili ya vita. Wakishaondoka, mbwa wanakula kinyesi walichoacha, na Yusuf anawatazama akajitambua katika walaji wale. Kisha anasikia nyuma yake kama mlango wa bustani unafungwa komeo, anageuka kidogo, halafu anakimbilia msafara wa askari, macho yakimwasha. Huo ni ukombozi gani? Anatoka kwa bwana mmoja anakimbilia mwingine, tena yule aliyekuwa anamwogopesha. Lakini kusema "hajajifunza kitu" pia ni uongo, maana lile la mbwa ni la mtu aliyeelewa hadi mfupani.

Kwa sasa nimeandika kwamba ufahamu unatimia dakika ileile ambayo njia zimekwisha. Zamani hakujua na aliweza kubaki. Sasa anajua na hawezi. Sijaridhika nayo. Unakumbuka Khalil anavyomwita? Kifa urongo. Wengine husoma hapo kama tusi tu, mtu aliyejifanya maiti. Lakini ndilo jina la ule mmea unaojikunja ukiguswa, halafu ukiachwa unafunguka tena. Mimi naona kule kukimbia ndio mara yake ya kwanza kuguswa asijikunje. Au nalazimisha? Tatu angesema nalazimisha.

Basi nijibu haya, na usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Ukisoma aya ya mwisho ya kitabu, unamwona anachagua au anasukumwa? Tafsiri inasema anakimbia kuwafuata, au kuwaelekea? Nikimwacha Bibi na ile nguo ya Yusuf aliyoichana kwa nyuma, nitaonekana sikuona kisa cha Nabii Yusuf, au nitaonekana nina nidhamu? Hamdani apewe aya yake, au akae na Khalil kwenye aya moja wagombane? Na hoja yangu ya umbali tatu, inasimama ukiisoma bila kunisikia nikiieleza kwa mikono?

Ninakilie sentensi ile ya mwisho, neno kwa neno, na ile ya Kawa kuhusu wazazi. Nikizipata kabla ya Alhamisi nitaacha kitabu kikae kwako mwezi mwingine. Nisipozipata, nakuja mwenyewe mlangoni.

Wako,
Mwana